Tangi la Oili Lisilopungua: Mafunzo Niliyopata kwa Tustroki na Fostroki

Pikipiki yangu ya kwanza niliinunua mnadani. Ilikuwa Yamaha AG100, ile waliyozoea kupanda madaktari wa mifugo na mabwana shamba: keria mbele, keria nyuma, cheni imefunikwa gubigubi, na stendi ya pembeni kila upande ili usihangaike ukisimama kwenye mteremko. Niliilipia shilingi 62,000. Jirani yangu hapa Kitengela alikuwa ametoka kununua Bajaj Boxer mpya ya 100cc kwa 122,000, na jioni ile, kusema kweli, nilimhurumia.

Kazi yangu ilikuwa maziwa. Alfajiri natoka Kitengela, napita Kisaju, nazunguka maboma ya upande wa Isinya ambako akina mama wameshakamua, nafunga mikebe miwili nyuma, narudi mjini kabla jua halijachoma. Ni kilomita 80 kwa siku, lami kidogo na vumbi jingi. Niliendesha ile Yamaha mwaka na nusu, kisha nikahamia Boxer, na hadi leo niko nayo. Kijana wa dada yangu anataka kununua pikipiki na amekuwa akiniuliza kila wiki achukue ipi. Haya ndiyo niliyomwambia, pamoja na mengine niliyoyasahau mbele yake.

1. Injini ifunguliwe mbele yako angalau mara moja

Watu husema tustroki na fostroki kama vile ni majina ya kabila. Mimi pia nilisema hivyo mpaka siku mzee mmoja fundi wa mjini Kajiado alipoifungua injini yangu nikiwa nimechuchumaa kando yake. Nati nne za kichwa, spana moja, na kichwa kikawa juu ya gunia. Hakutumia hata dakika 20. Akanyanyua silinda, akaniuliza, “Valvu ziko wapi?” Hazikuwepo. Kulikuwa na matundu tu, kama madirisha, yaliyochongwa kwenye ukuta wa silinda. Pistoni ikipanda na kushuka inayafunika na kuyafunua yenyewe. Yenyewe ndiyo mlango, yenyewe ndiyo bawabu.

Kisha akanizungushia krenki kwa mkono. Kila pistoni ikifika juu, plagi inapiga moto. Pistoni inapanda, inashuka, moto tena. Hiyo ndiyo mipigo miwili. Kwenye fostroki pistoni inavuta hewa na petroli, inabana, inachoma, inatoa moshi. Mipigo minne, na moto unawaka mara moja tu kwa kila mizunguko miwili ya krenki. Ili mambo hayo manne yasigongane, lazima pawe na valvu mbili, kemshafti ya kuzisukuma, na mara nyingi cheni ndani ya injini ya kuizungusha hiyo kemshafti.

Kuna mambo mawili aliyonionyesha ambayo yamebeba mengine yote. La kwanza ni kwamba kwenye tustroki petroli na hewa hupitia chini ya pistoni, kwenye chumba cha krenki, kabla ya kupandishwa juu. Kwa hiyo chumba hicho hakiwezi kuwekwa oili ya kukaa kama ilivyo kwenye fostroki. Oili lazima isafiri pamoja na petroli, ilainishe beringi na pistoni ikipita, halafu iungue. La pili ni kwamba kuna nukta ambapo tundu la kuingiza na tundu la kutoa moshi yamefunguka kwa pamoja, na sehemu ya petroli mbichi hupenya moja kwa moja hadi kwenye ekzosi bila kuchomwa. Kwenye injini ndogo za kabureta, kinachopotea hivyo chaweza kukaribia thuluthi moja ya petroli uliyolipia.

Ukishaelewa hayo mawili, moshi, bei, uimara na fundi vyote vinajieleza.

2. Oili isiyopungua si baraka

Hili ndilo somo lililonigharimu, kwa hiyo nitalikalia.

AG100 ina tangi dogo la oili mbali na tangi la petroli. Pampu ndogo inayozungushwa na injini huchota oili humo na kuipeleka kidogo kidogo kwenye njia ya hewa, kadiri unavyovuta akselereta. Yamaha walianza kuweka pampu ya namna hiyo kwenye pikipiki zao mwaka 1964 na wakaiita Autolube. Ikifanya kazi, wewe unamimina petroli tupu kama mwenye Boxer, na oili ya 2T unaiweka kwenye tangi lake.

Mimi nilifanya hivyo hasa. Nilijaza tangi la oili, nikaendesha kwa kutumia petroli iliyokuja na pikipiki kutoka mnadani, na siku tatu nilipochungulia, oili ilikuwa palepale. Nilifurahi! Nilimwambia mke wangu hii mashine hainywi oili. Siku ya nne nikajaza petroli Kitengela, tangi zima, nikashika njia na mikebe mitupu.

Nilikuwa nimepita Kisaju kwa kilomita chache. Kwanza nguvu ikapungua, kana kwamba upepo wa mbele umeongezeka. Nikavuta akselereta zaidi, ambalo ndilo kosa. Ukaja mlio mwembamba wa chuma, kisha gurudumu la nyuma likajifunga na pikipiki ikaanza kuteleza upande. Kilichoniokoa ni mkono kubana klachi bila kufikiri. Nilisimama kando ya barabara, injini inanuka kama sufuria iliyosahaulika jikoni, kikanyagio cha kuwashia hakishuki hata kidogo.

Ukweli ulijulikana kwa yule mzee. Kabla ya mnada, mtu aliyeitunza pikipiki alikuwa ameziba bomba la pampu na akawa anachanganya oili ndani ya petroli kwa mkono. Ni jambo la kawaida pampu ikizeeka, na si kosa kama kila anayeipanda anajua. Petroli ya muuzaji ilikuwa imeshachanganywa. Ndiyo iliyonibeba siku zile tatu. Nilipojaza petroli tupu, pistoni ilibaki inasugua chuma kikavu.

Pistoni ilikuwa imelika pande zote mbili, mikwaruzo ya kuingia kucha. Silinda ilipelekwa Nairobi kuchongwa kwa ukubwa wa juu kidogo, na pistoni mpya ya ovasaizi 0.50 tukaitafuta Kirinyaga Road, ambako wengi bado huita Grogan. Mchongaji alipimia pistoni yenyewe mkononi, kwa sababu nafasi kati yake na ukuta ni sehemu ndogo sana ya milimita, nyembamba kuliko unywele. Ikibana zaidi inashika tena, ikilegea inapigapiga. Pistoni, ringi, gasketi, kuchonga, nauli na kazi ya fundi vilikula shilingi 9,400 na siku sita bila maziwa.

Tangu hapo nikawa nachanganya mwenyewe. Fundi alinipa kipimo cha mililita 40 kwa kila lita ya petroli kwa kilomita 500 za kwanza, yaani 1 kwa 25, halafu mililita 25 kwa lita, 1 kwa 40. Nilitembea na chupa ya dawa ya kikohozi niliyoichora mistari. Unatia oili kwanza, petroli inafuata na kuikoroga, kisha unaitingisha pikipiki ukiwa umeishika usukani. Na ukichanganya kwa mkono usiteremke mlima mrefu ukiwa umefunga akselereta kabisa, kwa maana petroli ikikatika oili nayo imekatika huku pistoni ingali inakimbia. Vuta kidogo mara kwa mara, au bana klachi.

Fostroki haikuui ghafla namna hiyo. Oili yake imekaa chini, kama lita moja hivi kwa pikipiki za 100cc, inazungushwa tena na tena. Ikipungua, injini hutoa mlio mpya, joto huzidi, na mara nyingi una muda wa kusikia na kusimama, mradi unasikiliza.

3. Bei ya mnada ni ya siku moja, petroli ni ya kila siku

Nilikataa kufanya hesabu hii kwa mwaka mzima kwa sababu nilijua itasema nini. Unajaza tangi mpaka shingoni, unaandika kilomita, unafanya kazi yako ya kawaida, unajaza tena shingoni mahali palepale. AG100 yangu, imebeba maziwa kwenye njia mbovu, ilinipa kilomita 25 kwa lita. Boxer, kwa mzigo uleule na njia ileile, ikanipa 50.

Tuchukue petroli kwa shilingi 180. Kilomita 80 kwa tustroki ni lita 3.2, yaani shilingi 576. Oili ya 2T kwa kipimo cha 1 kwa 40 ni mililita 80. Nilikuwa nainunua 600 kwa lita, kwa hiyo 48. Jumla 624 kwa siku. Kwa fostroki ni lita 1.6, shilingi 288. Oili ya injini lita moja kwa 700 naibadilisha kila kilomita 2,500, ambayo kwa siku ni kama 22. Jumla 310.

Tofauti ni 314 kila siku. Kwa siku 26 za kazi inapita kidogo 8,100. Ile 60,000 niliyodhani nimeiokoa mnadani ilikuwa imekwisha kabla ya mwezi wa nane kumalizika, na hapo sijahesabu ile pistoni.

Lakini igeuze hesabu. Mtu anayetoka nyumbani kwenda kuangalia kisima na kurudi, kilomita 8 kwa siku, tofauti yake ni kama shilingi 31. Kwa siku 26 zilezile kila mwezi, itamchukua miaka zaidi ya sita kufikisha 60,000. Huyo akiuziwa tustroki nzima kwa bei nzuri sitamcheka. Kwa hiyo anayeniuliza ipi ni rahisi, namuuliza kwanza anatembea kilomita ngapi.

4. Moshi una lugha, na maziwa yana pua

Mama mmoja mwenye kibanda cha chai pale Kitengela ndiye aliyenigutusha. Alionja maziwa, akatema, akaniambia, “Baba, haya yamekaa jikoni kwa taa ya mafuta?” Ekzosi ya AG100 inatokea nyuma, na tustroki inayotiwa oili nyingi hutema matone meusi pamoja na moshi. Mfuniko wa mkebe ulikuwa umepata ule ukoko, na maziwa hushika harufu kuliko kitambaa. Baada ya injini kunishika nilikuwa mwoga, nikawa naongeza oili juu ya kipimo “kwa usalama”. Usalama huo ulinipotezea wateja wawili. Oili iliyozidi haiongezi ulinzi baada ya kiwango fulani. Inaungua vibaya, inaziba tundu la kutolea moshi na ekzosi kwa masizi magumu, na pikipiki inaanza kuchoka kama mwenye pumu. Mara mbili tulitoa kichwa na ekzosi tukakwangua masizi kwa kipande cha mbao ngumu.

Moshi wa tustroki hauondoki kabisa, kwa sababu oili imewekwa ili iungue. Mwembamba wa rangi ya samawati asubuhi, unaopungua injini ikipata joto, ni wa kawaida. Mzito mweupe usiokoma hata baada ya kilomita tano ni habari nyingine. Pima oili ya giaboksi. Ikiwa inapungua na hakuna inapovuja chini, sili ya krenki upande wa klachi imechoka na injini inainywa oili ya gia. Sili ya upande wa pili, kwenye sumaku, ikichoka haitoi moshi. Inavuta hewa, injini inapanda mbio yenyewe ukiwa umesimama, na mchanganyiko mkavu huo ndio njia nyingine ya kushikisha pistoni. Sili zenyewe ni bei ndogo, ila wakati mwingine injini nzima lazima ipasuliwe kuzifikia.

Fostroki nzima haipaswi kutoa moshi unaoonekana. Ukiona samawati kidogo asubuhi ukiwasha halafu ukaisha, raba za valvu zimekauka. Ukiona samawati kila unapovuta kupanda mlima, ringi au silinda imelika. Mweusi ni petroli nyingi kupita hewa, na huku kwetu sababu ya kwanza ni filta iliyojaa vumbi. Sababu ya pili hawaisemi mara nyingi: tuko zaidi ya mita 1,500 juu ya bahari, hewa ni nyepesi, na kabureta iliyopangwa kwa nchi tambarare inamimina petroli kuzidi. Toa plagi. Ikiwa nyeusi kama mkaa laini, na filta ni safi, mwambie fundi ajaribu jeti kuu ndogo kwa namba moja. Rangi unayoitaka ni ya chai ya maziwa.

Tukizungumzia mapafu, miji mingine iliacha kubembeleza. Dhaka, mji mkuu wa Bangladesh, iliziondoa tuktuk za tustroki barabarani mwanzoni mwa 2003. Sisi soko ndilo lililoamua. Pikipiki ndogo zilipoondolewa kodi ya ongezeko la thamani mwaka 2008, zilizomiminika zilikuwa fostroki za India na China, na tustroki zikabaki za mnada na za wazee wenye mapenzi nazo.

5. Fundi aliye karibu ana thamani kuliko injini nyepesi kutengeneza

Watakwambia tustroki haina kitu, hata wewe utaitengeneza. Ni kweli kwa nusu ya juu. Mimi mwenyewe nilifika mahali nabadilisha ringi nyuma ya nyumba. Lakini nusu ya chini inataka kifaa cha kuvuta sumaku, mashine ya kubana beringi, na mikono iliyowahi kufanya. Mikono hiyo Kitengela niliitafuta stendi baada ya stendi. Vijana walikuwa wanaizunguka Yamaha yangu kama ng’ombe mgeni. Waliojua walikuwa wazee wawili watatu Kajiado, kilomita kama 50, ambao walizoea hizo AG100 na DT za ofisi miaka ya nyuma. Spea nayo unaambiwa njoo Alhamisi.

Boxer ikiharibika popote kati ya Kitengela na Namanga, utasukuma hadi kwenye mti wa kwanza wenye boda boda na utapata mtu, na duka la spea liko ng’ambo ya barabara. Tatizo ni kwamba wengi wanaijua kwa masikio tu.

Niliwahi kumlalamikia fundi mmoja kwamba valvu zangu zinalia tik-tik-tik. Akafungua vifuniko viwili vya kichwa, akakaza skrubu za tapeti kwa kuhisi, injini ikawa kimya kama friji. Nikampa 200 na shukrani. Wiki tatu baadaye ikawa ngumu kuwaka asubuhi, kisha haina nguvu, kisha kikanyagio kikawa chepesi kama cha baiskeli. Valvu ya kutoa moshi ilikuwa imeungua ukingoni.

Sababu yake ni hii. Valvu ikipata joto inarefuka. Kama hakuna nafasi kati ya tapeti na kichwa cha valvu, haifungi kabisa. Moto unapenya kwenye ufa ule ule maelfu ya mara kwa dakika, na ukingo unayeyuka kidogo kidogo. Nafasi yenyewe kwa pikipiki hizi nyingi ni kati ya milimita 0.05 na 0.10, kutegemea mtindo na kama ni valvu ya kuingiza au ya kutoa. Namba yako iko kwenye kitabu. Inapimwa kwa bamba jembamba la kupimia ambalo fundi wa kweli analo mfukoni, na injini ikiwa baridi, imelala usiku mzima. Unazungusha krenki kupitia tundu la kifuniko cha kushoto mpaka alama ya T ilingane na mstari, na tapeti zote mbili zinachezacheza mkononi. Zikiwa zimekaza, uko kwenye mpigo usio sahihi. Zungusha mara moja tena. Bamba lipite kwa kubembelezwa, lisilegee na lisikwame.

Sasa nikiletewa pikipiki ya kununua na ikiwa kimya mno juu, hapo ndipo ninapoanza kuogopa. Mlio mdogo wa tapeti ni afadhali.

6. Vumbi halichagui

Hapa sina mengi. Fostroki hudumu zaidi kwa kazi ya kila siku, hilo niliona, lakini masharti yake ni oili safi. Oili ileile inazunguka kwenye krenki, gia na klachi, na vumbi linalopenya kwenye filta mbovu linageuka sandipepa ndani yake. Kwa njia za Isinya nilishuka kutoka kilomita 2,500 hadi 2,000 miezi ya kiangazi. Usitie oili ya gari ya bei nafuu. Klachi ya pikipiki inaogelea ndani ya oili, na oili nyingine za magari zina viungo vya kuteleza vinavyofanya klachi iteleze nayo. Tafuta chupa iliyoandikwa JASO MA. Tustroki yenyewe inapata oili mpya kila dakika, jambo zuri, lakini vumbi lake linapitia kwenye beringi za krenki kabla ya kufika popote. Nilikuwa naosha sponji ya filta kila Jumamosi kwa sabuni, naikausha, nailoweka oili kidogo, naikamua.

7. Kabla hujalipia ya mkono wa pili

Fika ikiwa baridi. Gusa injini, ikiwa ya moto, muuzaji ameiwasha mapema kuficha kitu, rudi kesho. Linganisha namba ya injini na ya chasi na logibuku, kwa sababu pikipiki za mnada zimewahi kubadilishwa injini na utahangaika ukienda kuihamisha jina.

Kwa tustroki, uliza swali moja kabla ya yote: pampu inafanya kazi au mnachanganya? Kisha usiamini jibu. Chomoa bomba la oili kwenye kabureta, injini ikiwa inanguruma kwa petroli iliyochanganywa, uone kama matone yanakuja. Weka alama kwenye tangi la oili kwa kalamu.

AG100 yangu niliiuza kwa mzee mfugaji wa upande wa Mashuuru, aliyetaka kitu cha kumfikisha kwenye boma la ng’ombe na kurudi. Nilimwambia yote, hata habari ya maziwa. Juu ya tangi la petroli nilimwandikia kwa rangi nyeupe: LITA 1, OILI 25. Alicheka, akasema macho yake hayasomi vizuri, yeye atanunua pampu nyingine. Kweli akaenda kwa wale wazee wa Kajiado, wakamfungia pampu na kutoa hewa kwenye bomba.

Baada ya mwezi akanipigia simu, sauti ya mashaka. “Mwanangu, ile mashine yako ina shida. Tangi la oili limefika nusu.”

Nilimwambia ajaze, aendelee kupanda.